Kamera ya Nyumbani Ina Zaidi ya Mlango Mmoja

Tarehe 21 Oktoba 2016, Twitter, Netflix na tovuti nyingine nyingi ziligoma kufunguka kwa saa kadhaa, hasa Marekani. Kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, ilikuwa imezidiwa na maombi ya uongo. Sehemu kubwa ya maombi hayo ilitoka kwenye kamera za ulinzi, mashine za kurekodia picha zake na ruta za majumbani. Wenye vifaa hivyo hawakuwa na habari.

Kirusi kilichoviteka kiliitwa Mirai, na hakikuhitaji ujanja mkubwa. Kilizunguka mtandaoni kikibisha hodi kwenye kila kifaa kilichoacha wazi huduma ya Telnet, kisha kikajaribu orodha ya majina na paswedi za kiwandani, 60 na ushei tu: admin na admin, root na 12345, na nyingine za aina hiyo. Lakini kwenye orodha hiyo kulikuwa na jozi moja inayostahili kuangaliwa kwa karibu:

```
root
xc3511
```

Hii ilikuwa paswedi ya vifaa vyenye vipuri vya kampuni ya Kichina ya XiongMai. Mwenye kamera aliweza kubadilisha paswedi anayoiona kwenye skrini, akalala akijua amejikinga. Ile ya Telnet ilibaki palepale, kwa sababu ilikuwa imechomekwa ndani ya programu ya kamera na hakukuwa na sehemu ya kuibadilisha. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kubadilisha paswedi ni lazima, lakini hakumalizi kazi.

Tuseme kamera yako tayari iko ukutani. Kwanza chomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta, uache waifai ya ndani ikiendelea, kisha zima kamera na uiwashe tena. Mirai ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, hivyo kuzima kuliifuta. Lakini kifaa kilichorudi mtandaoni na paswedi ileile kiliweza kutekwa upya baada ya dakika chache. Ukiwa umekata intaneti, fungua ukurasa wa ruta, tafuta kamera kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na uandike anwani yake kwenye kivinjari. Weka paswedi ndefu usiyoitumia kwingine. Kama kamera ilifungwa na fundi, angalia orodha ya watumiaji pia. Mafundi wengine huwawekea wateja wote paswedi moja, au huacha akaunti yao humo ili wasisumbuke siku ya matengenezo. Ifute, naye akija utamfungulia mwenyewe.

Kisha nenda kwenye programu ya ndani ya kamera. Mwaka 2021 iligunduliwa kasoro kwenye kamera nyingi za Hikvision, yenye namba CVE-2021-36260, iliyomwezesha mtu wa nje kuipa kamera amri bila paswedi yoyote. Hapo hata paswedi ya herufi 30 isingesaidia. Dawa ilikuwa toleo jipya la programu. Soma modeli kamili kwenye kibandiko cha kamera, rudisha intaneti kwa muda, pakua toleo la modeli hiyohiyo kutoka tovuti ya mtengenezaji, kisha ulipandishe kupitia sehemu ambayo mara nyingi huitwa Maintenance au Upgrade. Umeme ukikatika katikati, kamera inaweza kufa kabisa, kwa hiyo usifanye kazi hii siku ya mgao. Ikishawaka, hakikisha namba ya toleo imebadilika na paswedi yako haijarudi ya kiwandani.

Sehemu ambayo watu wengi huiruka ni kuzima visivyotumika. Telnet zima; mtu wa kawaida haihitaji. Zima pia UPnP, kwenye kamera na kwenye ruta. Hii huruhusu kamera kuiomba ruta iifungulie njia ya kutoka nje, na ruta hukubali bila kukuuliza. Kwenye ruta, futa pia kila kitu usichokitambua chini ya Port Forwarding. Kama hutazami kamera ukiwa mbali, zima na huduma ya P2P. Ukiitumia, paswedi ya apu nayo iwe ya peke yake, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili.

Sasa jaribu. Tafuta anwani ya intaneti ya ruta yako, zima waifai ya simu, tumia bando, kisha iandike anwani hiyo kwenye kivinjari. Ukurasa wa kuingilia kamera ukitokea, bado kuna njia iliyo wazi. Usipotokea ni dalili njema, ingawa si uthibitisho kamili, kwani kamera inaweza kuwa inasikiliza kwenye namba nyingine ya mlango.

Kamera ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea matoleo mapya haina tiba ya kudumu. Mimi ningeizuia kwenye ruta isifike intaneti kabisa, irekodi kwenye kadi yake tu, na kwa vyovyote isielekezwe chumbani.