Mtungi na Dawa ya Kisukari

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, mama mmoja wa hapa Nyamwage alitujia jioni, amechukua kichupa kilichofungwa katika kitambaa kilicholowa. Mwanawe ana miaka kumi na mmoja, naye huchomwa sindano ya insulini asubuhi na jioni, kwa sababu ya kisukari. Nyumbani hawana jokofu. Akatuuliza, “Mwalimu, nimesikia kwamba mtungi waweza kuwa jokofu la maskini. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona zahanati haiweki chanjo za watoto wetu mtunguni?”

Maswali hayo mawili ni ya maana sana, na majibu yake si mamoja. Kwa hiyo twayaeleza hapa moja moja, ili wenye nyumba na walimu wayajue.

Kwanza yafaa tujue jinsi mtungi upoozavyo maji. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno, na maji hupenya humo polepole hata yakafika nje. Huko upepo huyakausha, na maji yanapokauka huchukua joto la mtungi. Basi kinachopooza si udongo, bali ni kule kukauka kwa maji. Ndiyo maana mtungi uliopakwa rangi haupoozi, wala uliofungiwa sandukuni pasipo upepo. Na ndiyo maana siku za masika, hewa inapokuwa imejaa unyevu, mtungi hupooza kidogo tu.

Tulitaka kuona kwa macho, basi tukaazima kipimajoto. Adhuhuri ile ya Septemba kilionyesha digrii 32 barazani kivulini. Kisha tukaizungushia ncha yake kitambaa chembamba kilicholowa, tukakipepea kwa kipepeo muda wa dakika tano. Kikashuka hata digrii 24. Hicho ndicho kipimo cha mwisho: mtungi hauwezi kupoa kupita kitambaa hicho, hata ukifanywa na fundi gani. Na kweli, tulipokitia ndani ya mtungi, tulipata digrii 26. Mwezi wa Aprili, mvua zikinyesha na mto Rufiji umejaa, tulipima tena. Hewa ilikuwa digrii 30, kitambaa 28, na mtungi 29. Tofauti ilikuwa digrii moja tu! Mwalimu mwenye kipimajoto shuleni aweza kufanya jambo hili na watoto wake, nao watajua kwa siku ile mtungi wafaa kiasi gani.

Sasa tuijibu insulini. Vichupa ambavyo havijafunguliwa vyataka baridi ya digrii 2 mpaka 8, na baridi hiyo mtungi hauipati kamwe. Lakini kichupa kinachotumika chaweza kukaa nje ya jokofu yapata majuma manne, kisipopata joto kali. Karatasi iliyomo katika kasha lake hutaja siku na joto linaloruhusiwa. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza uchunguzi wao uliotokana na kambi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya. Katika nyumba za kambi ile joto lilipanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Walipoijaribu insulini katika joto la namna hiyo kwa majuma manne, waliona nguvu yake haikupungua kuliko ile iliyowekwa katika jokofu. Basi kazi ya mtungi si kugeuka jokofu. Kazi yake ni kukilinda kichupa kimoja na joto la mchana chini ya bati, kwa muda wa majuma manne.

Mama yule tulimfanyia hivi. Tulitwaa chungu kikubwa kisichopakwa rangi, tukatia mchanga chini, tukaweka chungu kidogo ndani yake, na nafasi iliyobaki kati ya vyungu viwili tukaijaza mchanga. Mchanga ule hulowanishwa asubuhi na alasiri. Kichupa hutiwa katika kopo kavu lenye kifuniko, na kopo huwekwa katika chungu cha ndani. Maana kichupa kikilowa, maandishi yake hutoka na uchafu huingia. Juu hufunikwa kitambaa kilicholowa. Vyungu hukaa barazani penye kivuli na upepo, juu ya matofali, mbali na meko. Baada ya miezi michache vitundu huzibwa na chumvi ya maji. Ndipo chungu husuguliwa na kuanikwa juani, kisha hurudishwa kazini.

Vichupa vilivyobaki havikai nyumbani. Mama alipatana na muuguzi, navyo huwekwa katika jokofu la kituo cha tiba, vikiandikwa jina la mtoto. Yeye huchukua kimoja kimoja.

Hapa liko jambo gumu. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1000. Mtoto yule hutumia yuniti 20 kwa siku, yaani 560 kwa siku 28. Siku ya ishirini na nane zimebaki yuniti 440, na dawa huonekana safi kabisa. Mama huona uchungu kuitupa, nasi twamwelewa. Lakini insulini iliyoharibiwa na joto haibadiliki rangi sikuzote. Dalili yake huonekana kwa mtoto: kiu nyingi, mkojo mwingi, na sukari ya damu kupanda hali chakula na sindano ni vile vile. Mambo hayo yakitokea, fungueni kichupa kipya, mkamwone mganga siku ile ile. Akianza kutapika au kuhema kwa nguvu, msingoje hata saa moja. Kwa hiyo andikeni tarehe juu ya kichupa siku kinapofunguliwa.

Baridi nayo huua. Mtu mmoja tumjuaye alileta insulini kutoka mbali ndani ya sanduku la baridi, ameilaza juu ya barafu. Ilipofika ilikuwa imeganda. Insulini iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana njema. Safarini ifungeni katika taulo, isigusane na barafu. Na ile ambayo huwa maji maangavu ikiwa na ukungu, au ile ya maziwa ikiwa na mabonge yasiyochanganyika, msiitumie.

Limebaki swali la chanjo. Chanjo nyingi hukaa katika digrii 2 mpaka 8 tangu bohari mpaka mkononi mwa muuguzi. Kwa hiyo mtungi haufai, hata wakati wa kiangazi. Zahanati hutumia jokofu, na wauguzi wanapokwenda vijiji vya delta kwa mtumbwi huchukua sanduku la baridi lenye vifuko vya barafu. Vifuko hivyo huachwa kwanza nje ya jokofu, hata vikitikiswa maji yasikike ndani. Maana barafu kavu mno huigandisha chanjo ya pepopunda na nyinginezo, zikaharibika.

Nanyi akina mama mwaweza kuangalia. Vichupa vingi vya chanjo vina alama ya duara, na ndani yake mraba mweupe. Joto likizidi, mraba huingia weusi. Ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukilingana na duara au kuwa mweusi zaidi, chanjo hiyo haifai. Lakini alama hiyo haionyeshi kuganda. Hilo muuguzi hulijua kwa njia nyingine. Mwombeni kwa adabu awaonyeshe alama, hatakasirika.

Mama yule sasa amefika kichupa cha nane. Juu ya kila kimoja mwanawe mwenyewe huandika tarehe, na asubuhi kabla ya kwenda shule ndiye alowanishaye mchanga.