Waliokuja, waliokosa na walionyamaza

Tuchukue SACCOS ya wafanyabiashara wa soko iliyoandaa mafunzo ya nusu siku ya kutunza hesabu. Walialikwa wanachama 90 kwa simu. 52 walithibitisha, 38 hawakujibu kitu. Jumamosi yenyewe wakafika 41, yaani 35 kati ya waliothibitisha na sita ambao hawakuwa wamejibu. Jioni katibu anataka kuwaandikia watu wote ujumbe mmoja: "Asanteni kwa kushiriki, tuliowakosa karibuni tena." Ujumbe huo haumfai yeyote kati yao. Aliyekuja haambiwi afanye nini na alichojifunza, aliyekosa haoni njia ya kufidia, na asiyejibu anashangaa anahusikaje.

Kazi inaanzia kwenye daftari la mahudhurio. Makundi yapangwe kwa kufananisha namba za simu, kwa sababu majina hupotosha: mwanamke aliyealikwa kwa jina la kwenye kadi ya uanachama atajiandikisha mlangoni kama Mama Fulani. Namba nazo zina mtego wake. Moja imeandikwa ikianza na 0, nyingine na +255, na Excel huifuta ile sifuri ya mwanzo. Tarakimu tisa za mwisho hazibadiliki, basi fananisha hizo:

```
=RIGHT(A2,9)
```

Hatua hii isirukwe. Mtu aliyekaa ukumbini asubuhi nzima kisha akaandikiwa "tulikukosa" anaelewa kwamba hakuna aliyemwona, na kumrudisha ni kazi. Wale sita waliokuja bila kuthibitisha wanaingia kundi la waliohudhuria, mradi waliacha namba mlangoni.

Waliohudhuria waandikiwe jioni ileile, somo likiwa bado kichwani, na wapewe jambo moja tu la kufanya: "Bi Rehema, asante kwa kuja leo. Fomu za daftari la mauzo zipo ofisini, chukua bure. Ukikwama kujaza, niulize kwa namba hii. Katibu."

Waliothibitisha wasifike ni 17. Kwanza watolewe waliopiga simu kuomba udhuru. Hao wameshazungumza nawe, wajibiwe kama watu mliozungumza nao. Waliobaki waandikiwe kesho yake, bila kuulizwa kwa nini. Mfanyabiashara anayeulizwa sababu atajitetea au atanyamaza, na yote mawili hayamrudishi darasani. Mpe alichokosa na siku nyingine: "Bw. Hamisi, somo la daftari la mauzo litarudiwa Jumamosi ijayo saa 3 asubuhi, ukumbi uleule. Nikuwekee nafasi? Jibu NDIYO au HAPANA." Akijibu hapana, hilo nalo ni jibu.

Kundi la tatu, watu 32, ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Wengi huwahesabu kama waliokataa. Huenda mwaliko haukuwafikia kabisa. Ukituma kwa orodha ya brodikasti ya WhatsApp, anaupata yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na mwanachama asiye na mazoea na ofisi ndiye ambaye hana namba hiyo. Ukikuta tiki moja siku nyingi baada ya kutuma, ujumbe haujafika. SMS za jumla zina tatizo jingine: zikitoka kwa jina la taasisi badala ya namba, anayezipokea hawezi kuzijibu. Katibu anasubiri uthibitisho ambao hauna pa kupitia.

Kwa hiyo usiwaambie hawa "tulikukosa". Hawakukuahidi kitu. Subiri siku mbili tatu, tumia njia tofauti na ya kwanza, utaje wewe ni nani, kisha uliza jambo dogo: "Mimi ni katibu wa SACCOS ya soko. Tulituma mwaliko wa mafunzo ya hesabu, sijui kama ulikufikia. Ungependa kualikwa tena? Jibu NDIYO au HAPANA."

Kuna jambo la gharama ambalo Waswahili tunapaswa kulijua. SMS moja hubeba herufi 160, lakini ikiingia alama hata moja iliyo nje ya herufi za kawaida za simu, kama kikatuni cha tabasamu, nafasi inashuka hadi 70. Apostrofi iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe ukiandika ng'ambo au ng'ombe, nayo imo. Ujumbe wa herufi 150 uliodhani ni SMS moja unalipiwa kama tatu. Ukiona mfumo unakata salio mara tatu, tafuta alama hiyo, uifute na uandike iliyonyooka.

Asiyejibu mara ya pili asiandikiwe ya tatu. Apigiwe simu, au aulizwe jirani yake wa kibanda, maana mara nyingi namba ilishabadilika. Namba mpya iandikwe kwenye rejesta siku hiyohiyo, na aliyesema hataki kualikwa awekewe alama kabla orodha ya mafunzo yajayo haijachapwa.