Sura ya Pili: Majina Mengi, Hoja Hakuna

Fungua tasnifu ya uzamili iliyokaa kwenye rafu ya maktaba ya chuo, nenda sura ya pili, kisha usome maneno ya mwanzo ya kila aya. Mara nyingi utakuta hivi: Mlama na Matteru (1978) walichunguza… Criper na Dodd (1984) walitathmini… Roy-Campbell na Qorro (1997) walieleza… Kila mtafiti amepewa aya yake na muhtasari wake. Mwishoni inabandikwa sentensi moja kwamba utafiti wa namna hii haujawahi kufanyika katika wilaya fulani. Msimamizi anairudisha kazi akiwa ameandika pembeni, "Hoja iko wapi?" Mwanafunzi anabaki ameduwaa, maana vitabu amevisoma kweli.

Kuna njia rahisi ya kuugundua ugonjwa huu. Chapisha sura, zikate aya kwa mkasi, zichanganye, kisha uzibandike upya bila mpangilio. Kama msomaji hataona tofauti, hayo si mapitio ya machapisho bali ni orodha. Hoja ikivurugwa hudai mpangilio wake, lakini orodha haijali.

Majina niliyoyataja ni ya kweli. Yanatoka kwenye mjadala mkongwe wa Tanzania kuhusu lugha ya kufundishia shule za sekondari, na tutautumia huo kama mfano. Tuseme mwanafunzi wetu anataka kuchunguza jinsi wanafunzi wa kidato cha kwanza wilayani Simanjiro wanavyoelewa somo la biolojia. Rasimu yake ya kwanza imefuata miaka, mtafiti mmoja baada ya mwingine.

Asianze kwa kuzipamba sentensi. Wengi hudhani tiba ni kuongeza "aidha", "vilevile" na "kwa upande mwingine" kati ya aya na aya. Viunganishi haviwezi kuunganisha vitu ambavyo mwandishi mwenyewe hajaona uhusiano wake. Kazi inaanzia kwenye jedwali, liwe kwenye kompyuta au kwenye karatasi kubwa ya manila. Kila chapisho linapata mstari wake. Safu zinajibu maswali: mtafiti aliuliza nini, wapi, kwa wanafunzi gani, alipataje ushahidi, aligundua nini, na alipendekeza nini. Anayeandika muhtasari husoma jedwali hilo kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia. Anayetafuta hoja hulisoma kwa safu, kutoka juu kwenda chini, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuonekana.

Mwanafunzi wetu anashuka na safu ya matokeo. Mlama na Matteru, waliofanya kazi yao kwa ajili ya Baraza la Kiswahili la Taifa, waliona wanafunzi wanashindwa kujifunza kwa Kiingereza. Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, waliona vivyo hivyo: kiwango cha Kiingereza kilikuwa chini mno kwa wanafunzi walio wengi kuweza kujifunza masomo mengine. Kwenye safu ya mapendekezo, hata hivyo, njia zinaachana. Wa kwanza walitaka Kiswahili kitumike kufundishia. Wa pili walitaka Kiingereza kibaki na kiimarishwe. Waliuona ugonjwa mmoja wakaandika dawa mbili.

Katika rasimu ya zamani, kazi hizo mbili zilikuwa na aya mbili zilizopeana kisogo. Zikiwekwa pamoja, zinazaa swali ambalo halikuwepo kwenye kazi yoyote kati ya hizo peke yake: ushahidi kwamba Kiingereza cha wanafunzi ni dhaifu unatosha kuamua kipi kifanyike? Hautoshi, kwa sababu unakubaliana na dawa zote mbili. Ili kuamua, inabidi kulinganisha mafunzo kwa lugha hii na mafunzo kwa lugha ile. Sasa mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuwashirikisha watafiti kama Birgit Brock-Utne na Martha Qorro, unaingia kwenye sura kwa sababu, wala si kwa kuwa mwaka wake umefika. Miongoni mwa kazi zake kulikuwa na majaribio ya kufundisha somo lilelile kwa Kiswahili kwa kundi moja na kwa Kiingereza kwa kundi lingine. Palipotumika Kiswahili wanafunzi walishiriki na kuelewa zaidi.

Ona kilichobadilika katika sentensi yenyewe. Zamani mtenda alikuwa mtafiti: "Criper na Dodd (1984) walitathmini…" Sasa anayeongoza ni dai: "Kwamba Kiingereza cha wanafunzi hakitoshi kujifunzia, watafiti wa mirengo inayopingana wamekubaliana tangu miaka ya sabini, wanachobishania ni dawa." Majina yanafuata nyuma kama mashahidi. Kichwa cha sehemu nacho kisiwe neno tupu kama "Lugha na uelewa". Hicho ni kichwa cha faili ofisini, kinapokea chochote. Kiwe kauli ambayo mtu anaweza kuibishia.

Tuje kwenye pengo. Sentensi ya "haujafanyika Simanjiro" ni dhaifu, kwa kuwa kuna wilaya nyingi ambako utafiti fulani haujafanyika, na wala hakuna anayeumia. Mwanafunzi wetu arudi kwenye jedwali, safari hii kwenye safu ya "wanafunzi gani". Hoja ya majaribio yale imejengwa juu ya dhana kwamba Kiswahili ni lugha ambayo mwanafunzi ameizoea. Utafiti mwingine muhimu, wa Pauline Rea-Dickins na wenzake kuhusu lugha ya mitihani, ulifanyika Zanzibar, ambako Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani kwa watoto walio wengi. Simanjiro ni Umasaini. Wapo watoto ambao nyumbani huzungumza Kimaasai, na Kiswahili wamekutana nacho hasa darasani. Je, faida iliyoonekana kwa Kiswahili inabaki ileile kwao, inapungua, au inategemea walisoma shule ya msingi ya namna gani?

Hapo wilaya imepata sababu ya kutajwa. Haikuchaguliwa kwa kuwa ni kwao au kwa kuwa nauli ni nafuu (ingawa sote tunajua nauli huamua mengi). Imechaguliwa kwa sababu inaipima dhana ambayo tafiti zilizotangulia ziliiegemea.

Bado asikimbilie kuandika "hakuna". Atafute kwanza kazi zilizogusa lugha ya nyumbani, ndani ya tasnifu za vyuo vya Tanzania ambazo hazipo mtandaoni, na katika nchi jirani zenye lugha nyingi. Akizipata, pengo litasogea na kuwa jembamba zaidi, wala hajapata hasara. Kisha ataje mipaka ya alikotafuta: maktaba zipi, miaka ipi, lugha zipi. "Katika machapisho niliyoyapitia" ni kauli inayoweza kutetewa mbele ya jopo. "Hakuna aliyewahi" huangushwa na mtahini mmoja tu mwenye kumbukumbu nzuri.

Kuna bei ya kulipa. Baadhi ya kazi alizozisoma kwa jasho zitakosa nafasi, kwa sababu hazithibitishi wala hazipingi dai lolote kwenye sura. Nyingine, iliyokuwa na ukurasa mzima, itabaki jina na mwaka ndani ya mabano. Wanafunzi wengi hukwama hapa, wakidhani sura ya pili ni mahali pa kuonyesha wamesoma kiasi gani.

Ukimaliza kuipanga upya, mpe rafiki asiye wa fani yako sura hiyo bila ukurasa wa maswali ya utafiti, kisha umwombe akisie swali lako ni lipi. Akikosa, usimlaumu, rudi kwenye jedwali.