Bibi akienda Marekani na wajukuu, anatoa tamko lake

Chukua familia ya baba, mama na watoto wawili wanaoishi Minnesota. Wamemaliza likizo Dar es Salaam, na safari hii wanarudi na bibi. Mabegi yamejaa vitenge, viatu, dagaa na, kwa kuwa bibi ni bibi, maembe.

Mkazi wa Marekani anayerejea baada ya saa 48 au zaidi nje ya nchi huruhusiwa vitu alivyonunua au kupewa huko vya hadi dola 800 bila ushuru, ikiwa hakuutumia msamaha huo ndani ya siku 30 zilizopita. Mtoto naye anahesabiwa, hata mchanga. Wanaoishi nyumba moja na kusafiri pamoja hutoa tamko moja na kujumlisha viwango vyao, hivyo hawa wanne wana dola 3,200.

Bibi hayumo katika hesabu hiyo. Yeye ni mgeni na nyumba yake iko Dar, kwa hiyo anatoa tamko lake mwenyewe. Nguo na vitu vyake vya kutumia havina ushuru, lakini zawadi zinasamehewa hadi dola 100 tu, tena kama atakaa angalau saa 72 na hakuutumia msamaha huo katika miezi sita iliyopita. Akibeba zawadi za dola 250, dola 150 zinaweza kutozwa ushuru. Wekeni risiti karibu.

Kinachowaponza wengi, hata hivyo, ni chakula. Swali kwenye fomu (au la ofisa, maana viwanja vingi sasa huuliza kwa mdomo) si kama una kitu kilichokatazwa. Linauliza kama una chakula, matunda, mbegu au nyama. Mwenye dagaa anajibu ndiyo, ingawa samaki wakavu wa kula nyumbani kwa kawaida hupita. Maembe mabichi na nyama ya ng'ombe, hata iliyokaushwa, vitachukuliwa. Lakini ukivitaja mwenyewe hupigwi faini. Unaviacha pale na safari inaendelea. Vikikutwa baada ya kusema huna, faini ya kosa la kwanza huwa dola 300, na inaweza kufika 1,000. Mlilie embe moja uone bei yake!

Lipo pia swali la shamba na mifugo. Bibi anayefuga mbuzi ajibu ndiyo. Watakagua viatu vyake, na vikiwa na udongo vitasafishwa, kwa kuwa wanaogopa magonjwa ya mifugo kama ya miguu na midomo.

Dawa zake za presha zibaki kwenye vifungashio vyake vya asili, pamoja na cheti cha daktari, zisizidi za siku 90. Tafadhali msizimwage zote kwenye kopo moja la vidonge.