Treda wa Foreksi na Usiku Asiouhitaji

Saa 9 usiku soko la Tokyo linafunguka, na mijini Dar es Salaam na Nairobi wapo treda ambao bado hawajalala, macho yako kwenye chati. Wengi huamini kwamba kukesha ndiyo kazi yenyewe. Saa za Afrika Mashariki zinasema vingine.

Yuro na dola huchangamka zaidi London na New York zinapokuwa wazi kwa pamoja. Kwetu hiyo ni alasiri: takriban saa 9 hadi saa 1 jioni Ulaya na Marekani zinapofuata saa za kiangazi, na saa moja baadaye zinapofuata za baridi. Usiku wa manane, New York inapofunga siku, wanunuzi na wauzaji hupungua na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza hupanuka. Anayekesha hulipa zaidi kwa oda ileile.

Hasara nyingine imo kichwani mwake. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwalaza watu saa 6 tu kila usiku kwa wiki mbili. Umakini wao ulishuka hadi kufanana na wa watu waliokesha usiku mzima, lakini wenyewe walijiona wana usingizi kidogo tu. Kwa hiyo treda asiulize mwili wake. Afungue historia ya akaunti. Akikuta oda za usiku ambazo Stop Loss yake ilisogezwa mbali, au kiasi kilichoongezwa mara tu baada ya hasara, jibu analo.

Mchovu wa aina hii akiendelea, huja kuichukia kazi na kuona hana analoweza. Uchovu, kujitenga na kazi na kushuka kwa ufanisi ndizo dalili tatu ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitaja mwaka 2019 lilipoeleza uchakavu utokanao na kazi.

Tuseme treda ana dola 1,000. Analala saa 5 usiku, anaamka saa 12 na nusu. Asubuhi anatumia dakika 45 kuchora viwango na kuweka kengele za bei, kisha anafunga kompyuta kabisa. Kikombe cha mwisho cha kahawa ni cha mchana, kwa sababu kafeini nyingi hata saa 6 kabla ya kulala hupunguza usingizi. Saa 9 anarudi. Kila oda inahatarisha dola 10, na hasara mbili zikifuatana siku imeisha, hata kama saa 10 haijafika.

Kinachovuruga ratiba hii ni uamuzi wa riba wa benki kuu ya Marekani, mara 8 kwa mwaka, saa 3 au saa 4 usiku. Siku hizo anafunga oda zote jioni, na matokeo anayasoma asubuhi.