Redio Inayongoja Jibu

Redio imewekwa juu ya kiti cha plastiki, antena imeelekezwa dirishani. Watoto wamekaa mkekani, kila mmoja na rundo lake la vifuniko vya soda. "Chukua vifuniko vitatu uviweke mbele yako," inasema sauti ya mwanamke redioni, kisha inanyamaza. Ngoma inapigwa taratibu kwa sekunde kumi. "Sasa ongeza viwili." Ngoma tena, sekunde nane. "Hesabu vyote. Ni vingapi?" Safari hii hakuna ngoma. Ni kimya kitupu cha sekunde tano, na watoto wanakijaza wenyewe: "Vitanooo!" Hawajafunga midomo sawasawa, redio nayo inasema, "Vitano! Hongereni."

Mgeni angeapa kwamba redio imewasikia. Haikusikia lolote. Sauti ile ilirekodiwa miezi mingi nyuma, na aliyeandika muswada alikisia tu kwamba mtoto wa darasa la kwanza atahitaji muda kiasi gani kutafuta vifuniko, kuvihesabu na kujibu. Katika kipande hicho kifupi mtangazaji amesema kwa sekunde nane hivi, na amengoja kwa sekunde ishirini na tatu.

Hivyo ndivyo linavyoendeshwa somo la ufundishaji shirikishi kwa redio, njia iliyobuniwa kwa ajili ya watoto wasio na umeme, wasio na intaneti na, mara nyingi, wasio na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Redio za mafunzo zilikuwapo zamani, lakini nyingi zilikuwa hotuba: mtaalamu anasoma, darasa linasikiliza, kengele inalia. Mtoto wa miaka saba hasikilizi hotuba ya nusu saa. Atatazama mjusi ukutani.

Mabadiliko yalianzia Nikaragua. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Patrick Suppes, walishirikiana na wizara ya elimu ya huko kuandaa masomo ya hisabati kwa shule za msingi za mkoa wa Masaya. Walitoka kwenye majaribio ya kufundisha kwa kompyuta, ambako mwanafunzi huulizwa, hujibu na kuambiwa hapo hapo kama amepata. Wakajiuliza kama redio, chombo kisicho na masikio, kingeweza kufanya vivyo hivyo. Wakaona inawezekana, ilimradi swali liwe na jibu moja fupi, muda wa kujibu upimwe, na jibu sahihi litajwe mara tu kimya kinapokwisha. Aliyesema "sita" atasikia "tano" wakati sita yake bado iko mdomoni.

Jambo la pili waliloligundua halionekani kwa msikilizaji wa siku moja. Hawakufundisha kutoa kwa nusu saa nzima na kulifunga somo. Walilikata vipande vya dakika chache chache wakavitawanya katika siku nyingi: leo dakika tano za kutoa, keshokutwa nne, wiki ijayo tatu zenye tarakimu kubwa kidogo, na katikati yake kujumlisha, vipimo na nyimbo. Sababu ni ile ile ya redio kutosikia. Mwalimu aliye darasani akiona nyuso zimekunjamana atarudia. Redio husonga mbele hata kama darasa zima limesema sita. Kwa hiyo marudio hupangwa mapema, na aliyekosa Jumatatu ana nafasi nyingine Jumatano. Kila wiki waliwajaribu wanafunzi wa baadhi ya madarasa, na matokeo yakawaongoza waandishi katika masomo yaliyofuata.

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuichukua njia hii na kuipeleka kwenye somo jingine. Kuanzia mwaka 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya na washirika wake kutoka Marekani walitayarisha masomo ya Kiingereza ya nusu saa kwa madarasa matatu ya kwanza. Zambia ikafuata mwaka 2000 kwa watoto waliokuwa nje ya shule kabisa, waliokusanyika katika vituo vya kijamii chini ya mtu mzima wa kujitolea.

Zanzibar njia hii ilipata jina linalokaa mdomoni: Tucheze Tujifunze. Mradi ulianza mwaka 2006 chini ya wizara ya elimu na shirika la Kimarekani la EDC, ukiwalenga watoto wadogo wa umri wa skuli ya maandalizi na madarasa ya mwanzo, hasa walioko mbali na skuli. Vituo vyake vikaitwa vituo vya TuTu. Kituo hakikuhitaji jengo rasmi. Palihitajika kivuli, mkeka, redio na mlezi wa hapo hapo kijijini. Michezo na nyimbo vilikuwa vya Kiswahili, na hili si dogo, kwa sababu mtoto hawezi kujibu ndani ya sekunde nne swali ambalo bado anajitafsiria kichwani.

Mlezi huyo ndiye masikio ya redio. Muswada mzuri humsemesha yeye pia: "Mlezi, mchague mtoto aliyekaa nyuma." "Mlezi, zunguka uone kama kila mtoto ana vifuniko vitano." Kabla ya kipindi huwa ameshapewa kitabu cha mwongozo kinachomweleza aandike nini ubaoni na aandae vifaa gani: kokoto, vijiti, punje za mahindi. Mlezi asipoufungua mwongozo ule, ndipo kituo kinapoharibikia. Redio inasema "tazameni picha ya pili," na picha haipo.

Kuna hitilafu nyingine isiyoonekana haraka, na inatokana na raha ya kujibu kwa pamoja. Watoto thelathini wakipaza sauti, darasa linasikika kama linajua yote. Kumbe pengine wanaojua ni kumi, na ishirini ni mwangwi wao. Mkaguzi mzoefu haridhiki na kelele hiyo. Hutazama midomo. Anayejua hufungua kinywa mara swali linapokwisha. Anayeiga huchelewa kidogo, macho yake yakimwangalia jirani. Dawa imo ndani ya muswada wenyewe: mara wanajibu wasichana tu, mara wavulana tu, mara safu ya nyuma, mara mtoto mmoja anatajwa na mlezi.

Urefu wa kimya nao hauamuliwi studioni peke yake. Kipindi cha majaribio hupelekwa kwenye darasa halisi, na mtu hukaa pembeni na nakala ya muswada na saa ya kupimia. Kila penye swali huandika jibu lilianza lini na likaisha lini. Kimya kikiwa kifupi, redio hulitaja jibu kabla ya wale wazito hawajafika, na baada ya siku mbili tatu wanaacha kujaribu. Wanajua litasemwa tu. Kikiwa kirefu, watoto wanaanza kurushiana vifuniko na swali linalofuata linapotea katika vurugu. Ile ngoma ya taratibu iliyosikika mwanzoni ina kazi yake hapa. Kazi inapohitaji sekunde kumi au zaidi, redio ikinyamaza kabisa mlezi hudhani mawe yameisha, na mkono wake unakwenda kwenye kitufe cha kutafuta stesheni.

Mawe yenyewe, yaani betri, ni sura nyingine ya kazi hii. Redio inayotosha mtu mmoja kitandani hufunguliwa kwa sauti ndogo. Ikihudumia watoto thelathini chini ya mwembe huongezwa hadi mwisho, na mawe hayadumu. Dalili huja kabla ya kuzima: sauti ikiwa juu inakwaruza, ikipunguzwa inatulia. Mwaka 2003 ilitoka redio iitwayo Lifeline, iliyotengenezwa kwa ajili ya kusikilizwa na kundi, yenye mkono wa kuzungusha na kibamba cha jua. Zambia iliitumia katika vituo vyake. Iliondoa gharama ya mawe, lakini haikuondoa tatizo la saa: kipindi kikirushwa saa tatu asubuhi na mvua ikanyesha saa tatu asubuhi, kimekwenda.

Sasa somo linaweza kubebwa mfukoni. Sauti ya mtu mmoja ikibanwa kwa kiwango cha kilobiti 32 kwa sekunde hubaki ikisikika vizuri, na somo la nusu saa hugeuka faili la megabaiti 7 hivi. Masomo 150, yanayotosha karibu mwaka mzima wa shule, yanaenea ndani ya kadi ya gigabaiti 2, ile ile wanayouziwa watu mtaani ikiwa imejazwa taarabu. Haihitaji intaneti kijijini. Inatosha mtu mmoja kwenda mjini mara moja kwa muhula.

Simu ya kawaida, ile ya kitochi, ilipata mtihani wake mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Nchini Botswana, watafiti Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walifuatilia familia zipatazo 4,500. Baadhi zilitumiwa kila wiki ujumbe mfupi wenye maswali machache ya hesabu. Nyingine zilitumiwa ujumbe huo huo, kisha zikapigiwa simu: mwalimu akaongea na mzazi na mtoto kwa dakika 15 hadi 20. Ujumbe wa namna hiyo hauna makuu:

```
1) 34+28=?
2) 51-17=?
Jibu kwenye daftari.
```

Waliopigiwa simu walisonga mbele. Waliopata ujumbe peke yake hawakuonyesha tofauti ya kuaminika na wale ambao hawakupata kitu. Maswali yalikuwa yale yale. Kilichozidi ni mtu aliyeuliza 34 na 28 ni ngapi, akanyamaza, akalisubiri jibu. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye katika nchi nyingine, Kenya na Uganda zikiwamo, na huko nako simu ilisaidia. Ugumu wake ni kwamba mwalimu mmoja hupigia mtoto mmoja, wakati redio moja ya masafa ya kati hufikia wilaya nzima kwa umeme wa mnara mmoja.

Kadi ya sauti imekaa katikati ya hivyo viwili, kwa sababu ya kitufe kimoja ambacho redio ya mawe haikuwa nacho: cha kusimamisha. Mlezi anaposikia "Ni vingapi?" na kuona mtoto wa pembeni bado anasogeza kifuniko cha nne, anaweza kubonyeza na kumngoja. Akifanya hivyo kwa kila swali, somo la nusu saa litakula dakika hamsini na wadogo watasinzia. Asipofanya kabisa, amerudi kwenye makisio ya mwandishi wa studioni. Walezi wengi huanza kwa kubonyeza kila mara, kisha taratibu wanabaki kubonyeza mara mbili au tatu tu kwa kipindi, pale wanapomjua mtoto anayekaribia kupata.