Kurasa Sita Ziwe Jedwali Moja: Pampu Inapokataa Kutoa Maji

Mkulima wa bustani anayemwagilia kwa pampu ndogo ya petroli hafungui kijitabu cha maelekezo siku aliyoinunua. Anakifungua siku pampu inaponguruma pale ukingoni mwa mto na tone la maji halitoki. Mikono ina oili, jua linapanda, miche ya nyanya inasinyaa. Akifika sura ya matatizo na utatuzi wake, anakuta kurasa sita zilizopangwa kwa vipuri: mfumo wa mafuta, mfumo wa cheche, mfumo wa kuvuta maji, mfumo wa kutoa maji. Ili ajue aanzie ukurasa gani, inambidi awe ameshajua kilichoharibika. Angekuwa anajua, asingefungua kijitabu.

Kwa hiyo anayefupisha sura hiyo kuwa jedwali haanzi kwa kufuta maneno. Anaanza kwa kubadili mlango wa kuingilia. Safu ya kwanza iwe ni kile ambacho mtumiaji anakiona au kukisikia, na safu ya pili iwe ni la kufanya.

Tuchukue aya moja ya aina inayopatikana katika vijitabu vingi vya pampu hizi: “Upungufu wa utoaji wa maji unaweza kusababishwa na kuingia kwa hewa katika mfumo wa ufyonzaji, kuziba kwa chujio, pampu kutojazwa maji kabla ya kuwashwa, au kimo cha ufyonzaji kuzidi kiwango.” Hakuna uongo humo, ila sababu nne zimefungwa kwenye furushi moja. Mtumiaji atazijaribu zote, pengine akianza na ile ngumu kuliko zote.

Ukimuuliza fundi mzoefu, hatakutajia sababu kwanza. Atakuuliza: maji hayakutoka tangu mwanzo, au yalitoka yakakata? Swali hilo moja linaligawa furushi. Kama hayakutoka kabisa, mtuhumiwa wa kwanza ni tumbo la pampu kutojazwa maji. Pampu ya aina hii haiwezi kuvuta hewa tupu kwa nguvu ya kutosha kupandisha maji. Lazima iwe na maji ndani kabla ya kuwashwa. Kama yalitoka vizuri kisha yakakata, shaka inahamia mtoni: chujio limezibwa na majani, au maji yamepungua hadi chujio likachungulia nje. Na kama yanatoka kwa kukatakata huku yana mapovu, hewa inapenya mahali fulani kwenye mpira wa kuvutia.

Hilo la mwisho huwasumbua wengi kwa sababu wanatafuta kiungo kinachovuja. Upande wa kuvutia, pampu ikiwa kazini, kiungo kibovu hakidondoshi maji nje, bali kinanyonya hewa ndani. Njia rahisi ya kukikamata ni kumwagia maji kiungo kimoja baada ya kingine pampu ikiendelea kufanya kazi. Ukifika penye kasoro, maji uliyomwaga yanaziba upenyo kwa muda, na mtiririko unatulia. Aya nzima ya kijitabu inaweza kutoka, lakini kipimo hiki lazima kibaki, kwa sababu ndicho kinachomwonyesha mtumiaji kwamba amepata chanzo chenyewe.

Baada ya kuzigawa dalili, kazi inayofuata ni mpangilio wa hatua ndani ya kila mstari. Vijitabu vingi huorodhesha sababu bila kujali uzito wake. Jedwali zuri hutanguliza kile kinachotokea mara nyingi na kisichohitaji kifaa, kisha huja cha spana. Cha kufungua injini hakiingii kabisa. Mahali pake pameandikwa “mpelekee fundi”. Kusafisha kabureta au kubadilisha sili ya pampu si kazi ya ukingoni mwa mto.

Upande wa injini nako dalili zinagawanyika. Haiwaki? Fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika kupita kiasi, au cheche haipo. Lakini kabla ya plagi kuna jambo ambalo kwa kawaida limejificha katika sura nyingine ya kijitabu: injini nyingi za pampu hizi zina kihisi kinachokata cheche oili inapopungua. Ukiitega pampu kwenye mteremko, oili huhamia upande mmoja na kihisi kinaweza kudanganyika, ingawa oili imejaa. Jedwali linatakiwa kulileta hilo mahali tatizo linapoonekana.

Matokeo yanaweza kuwa hivi:

| Unachokiona | Fanya hivi, kwa mpangilio huu |
|---|---|
| Injini inawaka, maji hayajatoka kabisa | 1. Zima, pampu ikipoa, jaza maji tumboni hadi yafurike, funga kifuniko. 2. Kaza klipu za mpira wa kuvutia. 3. Pima kimo kutoka usawa wa maji hadi pampu. Kikizidi mita 7, hamishia pampu chini zaidi, mahali pa wazi. Usiishushe kisimani wala shimoni: moshi wake unaua. |
| Maji yalitoka vizuri, yakakata | 1. Zima. 2. Ondoa majani na tope kwenye chujio. 3. Zamisha chujio lote. 4. Jaza maji tumboni upya. |
| Maji yanakatakata, yana mapovu | Mwagia maji kila kiungo cha mpira wa kuvutia. Mtiririko ukitulia, zima, kaza hapo au badilisha wosha. |
| Injini haiwaki, au imezima ghafla | 1. Weka pampu mahali tambarare. 2. Pima oili, ongeza. 3. Angalia petroli na koki yake. |
| Bado haiwaki | Fungua plagi. Kavu: mpelekee fundi, mwambie petroli haifiki. Imelowa: ikaushe, irudishe, vuta kamba bila choki. Ikikataa: fundi. |

Mstari wa kwanza unastahili kutazamwa tena, kwa sababu ndipo ufupisho unapoweza kugeuka hatari. Pampu haivuti maji kama mtu anavyovuta kamba. Uzito wa hewa ndio unaoyasukuma yapande ndani ya mpira. Kwenye usawa wa bahari uzito huo hauwezi kuyapandisha zaidi ya takriban mita 10, na kwa sababu ya msuguano na upotevu mwingine, watengenezaji wengi hutaja mita 7 au 8. Kila unapopanda mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, unapoteza takriban mita moja. Basi mwandishi mwenye haraka angeandika tu: “Kimo kimezidi: sogeza pampu karibu na maji.” Maneno machache na sahihi, ila mwenye kisima atayasoma kama ruhusa ya kuiteremsha pampu kisimani, imwage moshi wa injini mahali ambapo hewa haizunguki. Hewa ya ukaa yenye sumu haina rangi wala harufu, na imeua watu waliofanya hivyo hivyo, pamoja na walioshuka kuwaokoa. Onyo hilo kwenye kijitabu kirefu hukaa kurasa za mbele, chini ya kichwa cha usalama. Ukilikata sura ya matatizo ukasahau kulivuta hadi kwenye mstari wake, umemwachia msomaji maelekezo bila kinga.

Kabla ya kuchapa, jedwali lijaribiwe na mtu asiyelijua. Legeza klipu ya mpira wa kuvutia au funga koki ya petroli bila yeye kuona, kisha mpe karatasi na ukae kimya. Fuatilia kidole chake. Kikisita kati ya mistari miwili, dalili hizo zimeandikwa kwa kufanana, nazo ndizo za kuandikwa upya. Kuongeza maelezo upande wa pili hakutamsaidia. Akiruka onyo, lisogeze litangulie hatua yenyewe. Likishapita jaribio hilo, libandikwe kwenye fremu ya pampu, karibu na kamba ya kuwashia, kwa herufi zinazosomeka ukiwa umesimama. Zile kurasa sita ziachwe kijitabuni, kwa matumizi ya fundi.